Sentimita 82.5: jinsi ya kumweka mtoto kwenye jedwali la z

Chukua watoto wawili wa miezi 24, mvulana na msichana. Wote wamesimama kwenye ubao wa kupimia urefu, na wote wamesomeka sentimita 82.5. Muuguzi anaandika namba ileile kwenye kadi mbili. Ukiulizwa nani mfupi zaidi, utasema wako sawa, na kwa rula wako sawa kweli. Lakini kliniki haiwapimi watoto ili kuwashindanisha wao kwa wao. Inataka kujua kila mmoja yuko wapi miongoni mwa wenzake wa umri wake na jinsia yake, na kwa swali hilo namba ya ubaoni haitoshi. Inahitaji namba nyingine mbili za kuisindikiza: wenzake kwa wastani wana urefu gani, na wanapishana kwa kiasi gani.

Namba hizo zipo. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto waliokuwa wakilelewa katika mazingira mazuri, wananyonya maziwa ya mama, na mama zao hawavuti sigara. Vipimo vyao vilitoa viwango vya ukuaji vilivyotangazwa mwaka 2006, na mistari inayoonekana kwenye chati za ukuaji kliniki katika nchi nyingi inatokana na viwango hivyo. Kwa mvulana wa miezi 24 aliyepimwa akiwa amesimama, mstari wa katikati uko kwenye sentimita 87.1. Mstari wa hasi 2 uko kwenye 81.0. Kwa msichana wa umri huohuo, katikati ni 85.7 na hasi 2 ni 79.3.

Tazama umbali kati ya mistari hiyo miwili. Kwa wavulana ni sentimita 6.1, nayo ni hatua mbili, kwa hiyo hatua moja ni 3.05. Kwa wasichana umbali ni 6.4, na hatua moja ni 3.2. Hatua hiyo ndiyo wanatakwimu wanayoiita mkengeuko sanifu, na huandikwa kwa herufi ya Kigiriki σ. Wastani huandikwa μ. Mkengeuko sanifu ukiwa mdogo, watoto wamejibana karibu na wastani. Ukiwa mkubwa, wametawanyika.

Kabla ya kuanza kukokotoa, kuna jambo linalomtatiza kila anayetoka kwenye kete na sarafu. Ukirusha kete, uwezekano wa kupata 4 ni moja ya sita, basi. Urefu hauendi hivyo. Urefu ni kigeugeu endelevu: kati ya 82.5 na 82.6 kuna 82.53, na kati ya hizo kuna 82.5317, wala hakuna mahali pa kusimama. Ukiuliza uwezekano wa mvulana kuwa na sentimita 84 kamili, bila kupungua wala kuzidi hata kwa unywele, jibu ni sifuri. Haina maana kwamba haiwezekani. Maana yake ni kwamba nukta moja haina upana, na kwenye vigeugeu vya aina hii uwezekano unakaa kwenye upana.

Ubao wa kliniki wenyewe unalijua hilo, kwa kuwa unasoma hadi milimita. Muuguzi akiandika 84.0 anamaanisha popote kati ya 83.95 na 84.05. Kipande hicho cha milimita moja kina uwezekano, ingawa ni mdogo: karibu wavulana 8 katika kila 1,000 wa kundi la marejeo. Kutokana na hapo tunapata urahisi mmoja ambao mwanafunzi hapaswi kuuacha upite: kwa kuwa nukta haina uzito, «chini ya 82.5» na «82.5 au chini yake» zina jibu moja. Kwenye kete tofauti hiyo ingekuponza, ila hapa haina madhara.

Uwezekano wa vipande hivyo huchorwa kama eneo chini ya mchirizo. Mchirizo wa mtawanyo wa kawaida una umbo la kengele: umeinuka juu ya wastani, unashuka sawasawa pande zote mbili, na mikia yake inakaribia mstari wa chini bila kuugusa. Eneo lote chini yake ni 1, yaani watoto wote. Eneo lililo kushoto mwa 82.5 ni sehemu ya watoto walio wafupi kuliko sentimita 82.5. Urefu wa mchirizo mahali fulani si uwezekano, na wanaoanza huchanganya mambo hayo mawili mara nyingi. Urefu unaonyesha tu msongamano wa watoto mahali hapo. Ili upate uwezekano lazima uuzidishe kwa upana.

Basi kazi ni kupata eneo. Shida ni kwamba eneo chini ya mchirizo huu halina kanuni ya kawaida ya aljebra ya kulipatia jibu. Unaweza kulikadiria kwa kujumlisha vipande vyembamba mno, hadi usahihi wowote unaoutaka, lakini huwezi kuandika fomula fupi ya kuingiza 82.5 na kutoa jibu. Ndiyo maana watu walitengeneza majedwali. Mojawapo la mapema lilichapishwa mwaka 1799 na Christian Kramp wa Strasbourg, ambaye hakulitengeneza kwa ajili ya kupima watoto. Alikuwa akishughulikia jinsi mwanga wa nyota unavyopinda unapopita angani.

Lakini jedwali la mtawanyo upi? Wavulana wa miezi 24 wana mchirizo wao, wasichana wana wao, wa miezi 25 wana mwingine. Hakuna kitabu kitakachobeba yote. Kinachotuokoa ni kwamba mitawanyo yote ya kawaida ni mmoja uliosogezwa na kuvutwa. Ukiusogeza mchirizo kushoto au kulia, maeneo hayabadiliki. Ukiuvuta upande na kuushusha kwa kiasi kilekile, sehemu ya watoto walio kati ya hatua moja na hatua mbili chini ya wastani inabaki ileile, asilimia 13.6, iwe hatua ni sentimita 3.05 au 3.2. Kwa hiyo inatosha kuandaa jedwali moja tu, la mtawanyo ambao wastani wake ni 0 na hatua yake ni 1, kisha kila urefu tuubadilishe kuwa idadi ya hatua. Kubadilisha huko ndiko kusanifisha:

z = (x − μ) / σ

Sehemu ya juu inajibu swali la umbali: mtoto yuko sentimita ngapi kutoka kwenye wastani, na upande gani. Sehemu ya chini inazigeuza sentimita hizo kuwa hatua. Kwa kuwa sentimita inagawanywa kwa sentimita, vipimo vinakatana, na z inabaki namba tupu isiyokumbuka kama ilianza kama urefu, uzito au alama za mtihani.

Turudi kwa mvulana wetu. Toa 87.1 kwenye 82.5, unapata hasi 4.6. Gawanya kwa 3.05, unapata hasi 1.508, ambayo kwa desimali mbili ni −1.51. Mvulana yuko hatua moja na nusu hivi chini ya wastani. Kwa msichana, toa 85.7 kwenye 82.5, unapata hasi 3.2, gawanya kwa 3.2, unapata −1.00 kamili. Ubao uliwaona sawa. Kusanifisha kunaonyesha kwamba mvulana yuko mbali zaidi na wenzake kwa nusu hatua.

Sasa jedwali. Majedwali mengi ya z yamepangwa hivi: safu mlalo ya kushoto inabeba tarakimu ya kwanza na desimali ya kwanza, na kichwa cha safu wima kinabeba desimali ya pili. Hiki ni kipande chake:

```
  z      .00     .01     .02     .03
-1.6   0.0548  0.0537  0.0526  0.0516
-1.5   0.0668  0.0655  0.0643  0.0630
-1.4   0.0808  0.0793  0.0778  0.0764
```

Tunatafuta −1.51. Shuka hadi mlalo wa −1.5, kisha sogea hadi wima ya .01. Unakutana na 0.0655. Katika kundi la marejeo, wavulana 65 au 66 kati ya 1,000 wana urefu usiofika sentimita 82.5. Kwa msichana, mlalo wa −1.0 na wima ya .00 unatoa 0.1587, yaani wasichana 159 kati ya 1,000. Ukimuuliza kompyuta kuhusu mvulana bila kukadiria z, atakupa 0.0658 badala ya 0.0655. Usishtuke. Tofauti hiyo imetokana na kufupisha −1.508 kuwa −1.51, na kwa matumizi mengi haina uzito.

Upande wa hasi wa jedwali una mtego wake. Mlalo wa −1.5 na wima ya .01 ni −1.51, si −1.49. Desimali ya pili inaongeza umbali kutoka sifuri, haiukati. Wanafunzi wanaohesabu kama wanapanda ngazi ya namba hujikuta kwenye mlalo wa −1.6 wakitafuta −1.51 kwa kuongeza .09. Njia ya kujikagua ni nyepesi: kadiri z inavyozidi kuwa hasi, namba za ndani ya jedwali lazima zipungue, kwa sababu eneo la kushoto linazidi kubanwa.

Mtego mkubwa kuliko huo ni jedwali lenyewe. Kuna majedwali ya aina tatu, na vitabu vya shule vinayatumia yote bila hata kusema, jambo ambalo kwangu ni uzembe wa wachapishaji. La kwanza linatoa eneo lote la kushoto mwa z. La pili linatoa eneo kati ya sifuri na z tu. La tatu linatoa mkia wa kulia. Ukishika kitabu usichokizoea, usianze na swali lako. Anza kwa kutazama z ya 1.00. Ukikuta 0.8413, jedwali ni la kushoto. Ukikuta 0.3413, ni la kutoka katikati, na itabidi uongeze nusu unapotaka eneo lote la kushoto la z chanya. Ukikuta 0.1587, ni la mkia wa kulia. Usijikague kwa z ya sifuri, maana la kushoto na la mkia wa kulia yote yataonyesha 0.5000 na hutayatofautisha.

Na kama jedwali lako halina upande wa hasi kabisa? Mchirizo una pande mbili zinazolingana, kwa hiyo eneo la kushoto mwa −1.51 ni sawa na eneo la kulia mwa 1.51. Soma 1.51 kwenye jedwali la kushoto, utapata 0.9345. Toa kwenye 1, unarudi kwenye 0.0655. Ukichora kengele ndogo pembeni ya karatasi na kutia kivuli upande unaoutaka, mkono wenyewe utakukataza kuandika 0.9345 kama jibu la watoto wafupi.

Kivuli hicho kinasaidia zaidi swali linapobadilika. Tuseme tunataka wavulana wanaozidi sentimita 91. Tofauti na wastani ni 3.9, gawanya kwa 3.05, z ni 1.28. Jedwali la kushoto linasema 0.8997, lakini hao ni walio chini ya 91. Tunaowataka ndio waliobaki: 1 kutoa 0.8997 ni 0.1003, mvulana mmoja katika kumi. Tukitaka walio kati ya 85 na 90, tunasanifisha ncha zote mbili. Ncha ya 85 inatoa −0.69, na ya 90 inatoa 0.95. Eneo la kushoto mwa 0.95 ni 0.8289, ndani yake wamo na wale wafupi kuliko 85, ambao hatuwataki, nao ni 0.2451. Tukiwatoa wanabaki 0.5838, karibu wavulana 58 katika 100. Kinachotolewa hapa ni eneo kwenye eneo. Mwanafunzi anayetoa z kwenye z, yaani 0.95 na −0.69, kisha kutafuta 1.64 kwenye jedwali, atapata 0.9495, jibu lisilohusiana kabisa na swali.

Kosa jingine linaingia hata kabla ya jedwali kufunguliwa. Vitabu huandika mtawanyo wa kawaida kwa wastani na mraba wa mkengeuko sanifu, N(μ, σ²). Kwa wavulana wetu hiyo ni N(87.1, 9.3). Anayegawanya kwa 9.3 badala ya kipeuo chake cha pili anapata z ya −0.49, na jedwali litampa 0.3121. Asilimia 31 badala ya 6.55, na mtoto wa kuangaliwa kwa karibu anaonekana wa kawaida tu. Dalili ya kosa hili iko kwenye akili ya kawaida: mtoto aliye sentimita 4.6 chini, wakati hatua ni 3.05, lazima awe amevuka hatua moja. Z isiyofika hata nusu haiwezi kuwa sahihi.

Kliniki nayo ina kosa lake ambalo hesabu haiwezi kulisahihisha. Watoto walio chini ya miaka miwili hupimwa wamelala, na waliofikisha miaka miwili hupimwa wamesimama. Mtu aliyelala ni mrefu kidogo kuliko aliyesimama, na viwango vya Shirika la Afya Duniani huhesabu tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Mvulana wa miezi 24 ambaye akisimama ana sentimita 80.5 ana z ya −2.16, chini ya mpaka wa −2 ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa. Akilazwa kwa sababu hataki kusimama, ubao utasoma 81.2. Ikiandikwa hivyohivyo bila kupunguza 0.7, z inakuwa −1.93, na mtoto amevuka mpaka kwenda upande salama bila kurefuka hata kidogo.

Vilevile usichukue fomula hii ukaipeleka kwenye uzito. Urefu wa watoto wa umri mmoja unafuata kengele vizuri kiasi kwamba kugawanya kwa mkengeuko sanifu kunatosha. Uzito haufuati: mkia wake wa kulia ni mrefu, kwa sababu mtoto anaweza kuzidi wastani kwa kilo nyingi kuliko anavyoweza kupungukiwa akaendelea kuishi. Waliotengeneza viwango walilazimika kwanza kuupinda uzito kwa kipeo maalumu hadi ukae kwenye kengele, ndipo wakahesabu hatua. Ndiyo maana kwenye chati ya uzito mistari ya juu imeachana zaidi kuliko ya chini. Ukiona chati ya namna hiyo, ujue kutoa na kugawanya peke yake hakutakufikisha kwenye z iliyo sahihi.

Jedwali linaweza kusomwa kinyumenyume pia, kutoka ndani kwenda nje, na usomaji huo hutumika sana kwenye kazi. Katika kundi la marejeo, z ya −2 ina eneo la kushoto la 0.0228, yaani watoto wawili au watatu tu kati ya 100 wangekuwa chini ya mpaka wa udumavu, hata wakiwa na afya njema kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wako chini ya mpaka huo. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka huohuo ulikuta asilimia 18.

Tukichukulia kwamba z za watoto wa Tanzania nazo zina umbo la kengele yenye hatua ya 1, ila imesogea kushoto, imesogea kiasi gani? Safari hii eneo tunalijua, tunatafuta z. Ingia ndani ya jedwali utafute 0.3000. Haipo barabara, iliyo karibu zaidi ni 0.3015, kwenye mlalo wa −0.5 na wima ya .02. Kwa hiyo mpaka uko hatua 0.52 chini ya wastani wa watoto hao. Mpaka ni −2, basi wastani wao ni −2 kujumlisha 0.52, yaani −1.48. Kwa mvulana wa miezi 24 hizo ni sentimita 4.5 chini ya mwenzake wa marejeo. Hesabu hii inaonyesha kitu ambacho asilimia 30 inakificha: ukifuata kengele hiyo, si kwamba theluthi ya watoto ni wafupi na waliobaki wako sawa. Kengele nzima imehama, na hata mtoto wa katikati, ambaye hakuna takwimu inayomtaja kuwa amedumaa, yuko karibu hatua moja na nusu chini.

Ile «tukichukulia» inabeba mzigo, hata hivyo. Kwenye tafiti za nyumba kwa nyumba, mkengeuko wa z aghalabu huzidi 1, kwa kuwa nchi ina watoto wa hali tofauti na kwa kuwa umri wenyewe hukosewa: mama anakumbuka msimu wa mavuno lakini hakumbuki mwezi, na mtoto wa miezi 22 akiandikwa 24 anaonekana mfupi kuliko alivyo. Hatua ikiwa 1.2, zile 0.52 zinakuwa 0.62, na wastani unakuja kwenye −1.38. Wachambuzi huanza na namba hiyo kabla ya nyingine yoyote. Mkengeuko ukipanda mno, hawaendi kwenye jedwali; wanarudi kukagua mbao za kupimia na tarehe za kuzaliwa.